Faida imepungua elfu 81 tu? Fungua daftari tuone kilichojificha

Vijana wengi wa Janga mnaofuga kuku wa nyama siku hizi mna bajeti. Hilo nalikuta kila nikipita mabandani, kuanzia huku kwetu mpaka upande wa Mlandizi. Vifaranga kiasi gani, chakula mifuko mingapi, utauza shilingi ngapi, vyote vimeandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari. Shida inaanza baada ya mauzo. Mzunguko ukiisha mtu anahesabu hela aliyobaki nayo, anailinganisha na ile aliyotarajia, anasema "nimekosa kidogo, si mbaya", halafu anaagiza vifaranga vingine.

Leo nataka tufanye kile kinachotakiwa kufuata pale: kulinganisha bajeti na hali halisi mstari kwa mstari, na kuichambua kila tofauti mpaka ijulikane imetoka wapi. Nitatumia daftari la kijana mmoja wa hapa Janga mwenye banda la kuku 500. Amekubali nilitumie ila jina lake nisilitaje. Bei ni za msimu wake yeye, wewe weka za kwako. Hesabu ndiyo muhimu.

Kwanza tukubaliane maneno

Tofauti ni pengo kati ya ulichopanga na kilichotokea. Ikisukuma faida yako juu tunaiita tofauti nzuri. Ikiivuta chini tunaiita tofauti mbaya.

Kwa upande wa mapato, ukipata zaidi ya bajeti ni nzuri, ukipata pungufu ni mbaya. Kwa upande wa gharama ni kinyume chake: ukitumia pungufu ni nzuri, ukizidisha ni mbaya. Hapo wengine huchanganyikiwa kwa sababu namba kubwa wanaiona nzuri kila mahali. Jiulize swali moja tu: hii imeniongezea faida au imeipunguza?

Na neno "nzuri" hapa lina maana hiyo tu ya kihesabu. Halisemi kwamba umefanya uamuzi mzuri. Tutaona mbele jinsi tofauti nzuri mbili zilivyomgharimu huyu kijana kuliko zile mbaya.

Daftari lenyewe

Aliingiza vifaranga 500 tarehe 14 Novemba. Alipanga wafe wasiozidi 20, auze 480 wakiwa na siku 35, yaani tarehe 19 Desemba, kwa bei ya jumla ya shilingi 8,500 kila mmoja. Chakula alipanga mifuko 32 ya kilo 50, kwa wastani wa 70,000 kwa mfuko. Nasema wastani kwa sababu chakula cha kuanzia na cha kumalizia havina bei moja.

Kilichotokea ni hiki. Alipata chakula cha 63,000 kwa mfuko kwa mchanganyaji wa mtaani. Alitumia mifuko 37. Kuku 50 walikufa, akauza 450. Aliwauza tarehe 24 Desemba wakiwa na siku 40, kwa 9,100 kila mmoja.

| Mstari | Bajeti | Halisi | Tofauti |
|---|---|---|---|
| Mauzo | 4,080,000 | 4,095,000 | 15,000 nzuri |
| Vifaranga | 900,000 | 900,000 | 0 |
| Chakula | 2,240,000 | 2,331,000 | 91,000 mbaya |
| Maranda na mkaa | 160,000 | 195,000 | 35,000 mbaya |
| Chanjo na dawa | 140,000 | 110,000 | 30,000 nzuri |
| Msaidizi wa banda | 200,000 | 200,000 | 0 |
| Faida | 440,000 | 359,000 | 81,000 mbaya |

Ukiishia hapa, picha ni ya kutuliza kabisa. Mauzo yamepita bajeti. Chakula kimezidi kidogo. Faida imepungua elfu 81, na mtu anajiambia kwamba kwa jinsi kuku walivyokufa, amebahatika. Yeye mwenyewe aliniambia, "Bwana shamba, mzunguko huu chakula cha bei rahisi kimeniokoa."

Nikamwambia, "Mdogo wangu, tugawanye kwanza hii mistari miwili, mauzo na chakula, ndipo tuseme kimekuokoa au kimekuuza."

Gawanya kila tofauti: bei na kiasi

Mauzo ni vitu viwili vilivyozidishwa, idadi ya kuku na bei ya kila kuku. Chakula ni hivyo hivyo, idadi ya mifuko na bei ya mfuko. Ukiangalia jumla peke yake, kimoja kinaweza kupanda na kingine kikashuka, vikafutana, wewe ukaona kimya. Kwa hiyo tunavitenganisha kwa kanuni mbili:

- Tofauti ya bei = (bei halisi toa bei ya bajeti) × kiasi halisi
- Tofauti ya kiasi = (kiasi halisi toa kiasi cha bajeti) × bei ya bajeti

Mbona kwenye kiasi tunatumia bei ya bajeti? Kwa sababu tunataka kupima kilichotokea bandani bila kuchanganya na kilichotokea sokoni. Bei tayari tumeishughulikia kwenye mstari wa kwanza. Ukitumia bei halisi pande zote mbili, jumla haitarudi kwenye ile tofauti uliyoanza nayo, na hapo utajua kuna mahali umekosea.

Tuanze na mauzo.

Bei: 9,100 toa 8,500 ni 600. Mara kuku 450, unapata 270,000, tofauti nzuri.
Kiasi: kuku 450 badala ya 480, pungufu 30. Mara 8,500, unapata 255,000, tofauti mbaya.

270,000 toa 255,000 ni 15,000 nzuri, ile ile ya kwenye jedwali. Umeona? Ule mstari uliokuwa umetulia ulikuwa umeficha robo milioni ya hasara ya kuku, ikiwa imefunikwa na robo milioni ya bahati ya soko.

Kabla ya chakula: rekebisha bajeti ifuate kuku waliopo

Hapa ndipo wengi wanaojua kugawanya bei na kiasi bado wanateleza. Bajeti ya mifuko 32 iliandikwa kwa ajili ya kuku 480 wanaofika sokoni. Waliofika ni 450. Si haki kuwapimia kuku 450 kwa chakula cha kuku 480, maana bajeti itaonekana kuwa na nafasi ambayo haipo.

Mifuko 32 kwa kuku 480 ni mfuko mmoja kwa kila kuku 15. Kwa kuku 450 ilitakiwa mifuko 30. Hiyo ndiyo bajeti iliyorekebishwa ya chakula: mifuko 30 × 70,000 = 2,100,000. Lile pengo la 140,000 kati yake na bajeti ya kwanza halikutokana na ubanaji wa matumizi. Hao kuku 30 hawakufika, basi chakula chao hakikutakiwa kununuliwa. Tunaliandika peke yake, kama fidia ndogo ya kuku waliopotea.

Vifaranga, chanjo, maranda na msaidizi sikuvirekebisha. Hivyo ulivilipia kwa sababu uliingiza vifaranga 500, na kuku akifa siku ya 25 haurudishiwi hela ya chanjo wala ya maranda. Kila mstari uulize: je, huu unafuata idadi ya kuku wanaofika mwisho, au ulishalipwa tangu mwanzo?

Sasa chakula:

Bei: 70,000 toa 63,000 ni 7,000. Mara mifuko 37, unapata 259,000, tofauti nzuri.
Kiasi: mifuko 37 badala ya 30, imezidi 7. Mara 70,000, unapata 490,000, tofauti mbaya.

Kwa hiyo punguzo la elfu saba kwa mfuko lilimpa 259,000 kwa mkono mmoja, na mifuko saba ya ziada ikamnyang'anya 490,000 kwa mkono mwingine. Chakula kimekula 231,000 kuliko inavyostahili. Lile jedwali la kwanza lilikuwa limesema 91,000.

Panga yote kwa mstari mmoja

Ukimaliza kugawanya, panga tofauti zako kuanzia faida ya bajeti hadi faida halisi. Zisipokutana kuna kosa la hesabu, rudia.

- Faida ya bajeti: 440,000
- Kuku 30 hawakufika sokoni: toa 255,000
- Chakula ambacho kuku hao hawakuhitaji: ongeza 140,000
- Mifuko 7 ya ziada: toa 490,000
- Bei rahisi ya chakula: ongeza 259,000
- Maranda na mkaa: toa 35,000
- Chanjo na dawa: ongeza 30,000
- Bei nzuri ya kuku sokoni: ongeza 270,000
- Faida halisi: 359,000

Sasa funika kwa kidole ule mstari wa bei ya soko. Faida inabaki 89,000. Hiyo ndiyo kazi ya banda lake kwa siku 40. Kutoka 440,000 hadi 89,000 ni anguko la 351,000, lakini daftari lilikuwa linasema 81,000. Pengo hilo limefunikwa na Krismasi.

Tusidharau Krismasi lakini. Tuiulize swali.

Bei ya juu ilitoka wapi?

Alipanga kuuza tarehe 19, akauza tarehe 24. Mkesha wa sikukuu wanunuzi wa Dar wanapandisha bei, kila mmoja anatafuta mzigo. Kwa hiyo ile 600 ya ziada kwa kila kuku aliipata kwa sababu alichelewa. Na alichelewa kwa sababu kuku hawakuwa wamefikia uzito. Mtu mbishi anaweza kusema basi chakula kibovu kimemletea bei nzuri!

Ubishi huo unajibika. Kama unataka kuuza tarehe 24 Desemba, ingiza vifaranga tarehe 19 Novemba badala ya 14. Utauza kuku wa siku 35 kwa bei ile ile ya mkesha, bila kulisha siku tano za ziada. Tofauti ya bei ya sokoni inaweza kuwa yako kwa kupanga, au ikakuangukia tu. Iliyokuangukia usiiweke kwenye bajeti ya mzunguko ujao. Mzunguko wake uliofuata ungeangukia Februari, na Februari haina mkesha wa kitu.

Mifuko saba ilikwenda wapi?

Hapa hesabu inakomea, kazi ya ufugaji inaanza. Tofauti inakuonyesha mlango wa kugonga. Nani yumo ndani, lazima ufungue mwenyewe. Kwa chakula kilichozidi kuna milango minne ya kawaida, nayo tuliigonga mmoja mmoja.

Wa kwanza ni uzito wa mfuko. Mfuko ulioandikwa kilo 50 ukiwa na kilo 46, umeibiwa kilo 4, na kwenye daftari itaonekana kama kuku wanakula sana. Tulipima mifuko miwili kutoka duka lile lile, yote ilikuwa na kilo 50. Mlango huo tukaufunga.

Wa pili ni kumwaga na kuibiwa. Vyombo vikijazwa mpaka juu, kuku wanaparua na chakula kinaingia kwenye maranda. Panya nao wana sehemu yao. Ukitaka kujua, chota maranda chini ya chombo, uyapepete. Kwake vyombo vilikuwa vimening'inizwa usawa wa mgongo wa kuku na havikujazwa kupita nusu. Chini palikuwa na chakula kidogo tu.

Wa tatu ni siku za ziada, na hapa daftari lake lilisaidia kwa sababu anaandika kila mfuko anaoufungua na tarehe yake. Kati ya tarehe 20 na 24 Desemba alifungua mifuko sita. Mifuko sita kati ya saba imeshapatikana, ililiwa katika zile siku tano ambazo kuku walitakiwa wawe wameshaondoka.

Wa nne ni kuku waliokufa wakiwa wakubwa. Tuliporekebisha bajeti tulijifanya kama vile kuku asiyefika sokoni hakula kitu. Kifaranga akifa siku ya tatu hiyo ni karibu sawa. Lakini kuku akifa siku ya 28 ameshakula karibu kilo mbili. Kwake, kati ya vifo 50, 14 vilikuwa vya wiki ya kwanza na 36 vilitokea kati ya siku ya 24 na ya 33. Hao 36 walikwenda na mfuko mmoja na ushee. Huo ndio wa saba.

Sasa swali limebadilika. Tulianza na "kwa nini kuku wanakula sana?" Kumbe hawakula sana kwa siku. Swali ni "kwa nini walihitaji siku tano zaidi?" Jibu lilikuwa kwenye ukurasa wa mizani. Siku ya 21 alipanga kuku awe na gramu 800. Alipima kuku 20 kutoka pande zote za banda, akapata wastani wa gramu 620. Kuchelewa kulianza pale, wiki mbili kabla ya mnunuzi yeyote hajapigiwa simu.

Je, ni chakula? Dalili zinaelekea huko: vifaranga walitoka kwa wakala yule yule wa siku zote, banda lile lile, msaidizi yule yule. Kilichobadilika tangu mwanzo ni chakula. Lakini hesabu haithibitishi hilo. Kuku wanaonyemelewa na ugonjwa nao hawaongezeki uzito. Mvua za vuli zililowesha maranda, na maranda mabichi huleta kuhara damu. Ndiyo maana gharama ya maranda ilizidi kwa 35,000, aliyabadilisha mara moja zaidi. Ukiuliza mimi, tofauti hiyo mbaya ni ya kumsifu, aliona maranda yameloa akatoa hela.

Tofauti nzuri ya kutilia shaka

Elfu 30 iliyookolewa kwenye chanjo na dawa nilimuuliza imetoka wapi. Akajibu aliacha chanjo moja ya marudio na pakiti za vitamini, "kuku walionekana wazima tu". Siku chache baadaye vifo vikaanza.

Siwezi kusema chanjo hiyo ingewaokoa wote 36. Hakuna aliyepeleka kuku kwa daktari wa mifugo apasuliwe, kwa hiyo hatujui waliuawa na nini. Gamboro, kideri na kuhara damu vyote vinaweza kupiga umri ule, na namna ya kuvikabili ni tofauti. Ninachoweza kusema ni hesabu: elfu 30 ni bei ya kuku watatu na nusu kwa bei ya bajeti. Chanjo ikiokoa kuku wanne tu imeshajilipa.

Ndiyo maana nasema tofauti nzuri nayo ihojiwe. Mstari wa gharama ukishuka, uliza: nimenunua kile kile kwa bei nafuu, nimetumia kwa uangalifu zaidi, au nimeacha kufanya kitu? Ya kwanza na ya pili ni faida. Ya tatu ni deni, na litalipwa kwenye mstari mwingine. Ya chakula ilikuwa ya aina hii: haikuwa kile kile kwa bei nafuu, ilikuwa kitu kingine.

Chakula rahisi kina kikomo chake, kipige kabla ya kununua

Sisemi chakula cha bei rahisi ni kibaya siku zote. Nasema kina kikomo, na kikomo unakihesabu kwa dakika moja. Chukua gharama ya chakula iliyorekebishwa, gawanya kwa bei mpya:

2,100,000 ÷ 63,000 = mifuko 33 na kidogo.

Kwa hiyo, kwa kuku wale 450, chakula cha 63,000 kingemlipa kama angetumia mifuko isiyozidi 33. Akifika 34, punguzo lote limeisha na anaanza kulipa yeye. Alifika 37. Punguzo la asilimia 10 linabeba ongezeko la asilimia 11 hivi ya matumizi, basi. Ukitaka kujaribu chakula kipya, gawa banda kwa wavu, walishe kuku 100 cha kipya na wengine cha zamani, pima uzito siku ya 14 na ya 21. Hapo utakuwa na jibu kabla hujanunua mifuko thelathini.

Usisubiri mwisho wa mzunguko

Uchambuzi wa tarehe 26 Desemba unafaa kwa mzunguko ujao. Wa siku ya 21 unafaa kwa kuku hao hao. Kwa hiyo ivunje bajeti yako kwa wiki, na kila Jumapili jioni jaza mistari minne tu: vifo vya wiki, mifuko iliyofunguliwa, uzito wa wastani wa kuku 20, na hela iliyotoka. Karibu na kila mmoja andika ulichopanga. Gramu 620 mbele ya gramu 800 ni tofauti mbaya ambayo haijawa hela bado. Siku ile angebadilisha chakula na kumwita daktari, zilikuwa zimebaki wiki mbili za kuokoa kitu.

Si kila tofauti ichambuliwe. Weka kiwango chako. Mimi nashauri tofauti ikizidi asilimia 5 ya mstari wake na pia ikizidi bei ya kuku watano, ifuatilie. Iliyo chini ya hapo ipite. Isipokuwa chanjo na vifo, hivyo vifuatilie hata vikiwa vidogo.

Na jambo la nyumbani: kuku mliyemla Jumapili, au aliyepelekewa mama, asiandikwe kama kifo wala asiachwe bila kuandikwa. Mwandike kama mauzo kwa bei ya siku ile, na upande wa pili kama matumizi ya nyumbani. Ukimficha, tofauti yako ya kiasi itakuambia una ugonjwa bandani wakati una wageni sebuleni.

Bajeti ya mzunguko uliofuata

Tulipokaa kuandika bajeti mpya, kijana alitaka kuweka bei ya 9,100. Tukairudisha 8,500. Alitaka kuweka vifo 50 "ili niwe salama". Tukaviacha 20, kwa sababu bajeti inayokubali vifo 50 haitapiga kelele vikitokea tena. Chakula kilirudi cha 70,000 kwa banda zima, isipokuwa kuku 100 nyuma ya wavu. Mstari wa chanjo ulibaki 140,000, na ukaongezwa mstari mpya wa 20,000 wa kumpeleka kuku wa kwanza atakayekufa baada ya wiki ya tatu akapasuliwe siku hiyo hiyo.

Faida ya bajeti ikatoka 420,000, pungufu kuliko ile ya kwanza. Akaikubali.

Mwenye daftari la mzunguko uliopita alilete ofisini siku za kazi, asubuhi kabla sijatoka kwenda mashambani. Njoo na vitu vitatu: bajeti ya mwanzo hata kama uliiandika nyuma ya risiti, idadi ya mifuko uliyotumia, na vifo kwa tarehe. Bila tarehe za vifo tutaweza kupiga hesabu, ila hatutajua mlango gani wa kugonga.